Mauzo Si Kilichobaki Kwenye Droo

Ndugu wasikilizaji, na hasa nyinyi mnaofungua meza na vibanda vya Kariakoo kabla jua halijapanda: aghalabu mfanyabiashara mdogo akiulizwa mauzo yake ya jana hufikiri droo, akataja kilichokuwamo, na hapo ndipo hesabu inapopotoka, kwa kuwa kodi ya makadirio hutozwa juu ya mauzo yote ya mwaka, si juu ya faida, wala si juu ya salio la jioni.

Tuchukue mfano wa mama muuza viungo. Asubuhi aliweka chenji ya shilingi 5,000. Mchana akatoa 3,000 za chakula na 4,500 za mkokoteni ulioleta mzigo. Jioni akakuta 21,500. Mauzo yake ya taslimu ni 24,000, maana chenji huondolewa, ilhali matumizi yaliyotoka droo hurudishwa kwenye hesabu. Kwenye simu ziliingia 9,000, walakini 5,000 miongoni mwake ni karadha aliyorejeshewa na nduguye, nayo si mauzo kamwe. Basi siku hiyo aliuza 28,000, na ndiyo tarakimu ya kuandikwa mbele ya tarehe. Anayetoa mali kauli naye aandike siku mali ilipotoka na, katika safu nyingine, siku fedha iliporudi, asije akaihesabu mara mbili.

Sasa natuseme mama huyu, kwa mwaka mzima, ameuza 7,800,000. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2022, mwenye mauzo yanayozidi milioni 7 bila kupita milioni 11, akiwa hana kumbukumbu, hulipa 250,000. Akiwa nazo, hulipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 7. Kwake yeye asilimia hiyo ni 24,000, jumla 114,000. Daftari limemwokolea 136,000, na kwa maoni yangu hakuna bidhaa katika kibanda chake yenye faida nyepesi kuliko hiyo.

Lakini si kila daftari ni ushahidi. Lile linalojazwa Jumamosi kwa kukisia wiki nzima hujifichua lenyewe: kila siku mauzo ni 20,000 au 30,000 kamili, kwa wino mmoja, na hata siku kibanda kilipofungwa kumeuzwa kitu. Aidha, afisa wa Mamlaka ya Mapato akiona risiti za manunuzi ya milioni 9 kando ya mauzo ya milioni 7, na ghalani hamna mali iliyosalia, atakuwa na haki ya kuuliza.

Kwa hiyo, bibi na bwana, andikeni jioni kabla ya kufunga, jumlisheni kila mwisho wa mwezi, mzibane risiti za mzigo pamoja na ukurasa wa mwezi wake, na msiyatupe madaftari makuukuu: sheria inataka yahifadhiwe miaka 5.