Neti imeshuka, bruti iko palepale

Wasikilizaji wa Nizi, mfano wetu leo ni fishi mbili za mshahara za mfanyakazi mmoja, ya Oktoba na ya Novemba 2025. Ziwekeni pamoja, muanzie juu.

Bruti, yaani mshahara kabla ya makato, ni faranga 600,000 miezi yote miwili. Kwa hiyo bosi hajapunguza mshahara. CNSS inachukua asilimia 5 kwa ajili ya pensheni, faranga 30,000. Ile asilimia 13 ya mwajiri inaweza kuandikwa pembeni, lakini haitoki mfukoni mwako. Ukiona imekatwa kwako, uliza siku hiyohiyo.

Zinabaki 570,000, na hapo ndipo kodi ya IPR ilipohesabiwa mwaka 2025. Faranga 162,000 za kwanza zilikatwa asilimia 3, zilizobaki asilimia 15. Jumla ni 66,060.

Oktoba mfanyakazi huyu alilipa 60,775 tu, kwani mke na watoto watatu wanaomtegemea walimpunguzia kodi hiyo kwa asilimia 2 kila mmoja. Akapokea 509,225. Novemba fishi inaonyesha wategemezi sifuri, na chini kabisa kuna avansi ya 40,000 aliyochukua mwenyewe. Amepokea 463,940.

Avansi ni deni, haina kesi. Lakini zile faranga 5,285 za kodi ni zake: apeleke cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto kwa anayetengeneza mishahara, adai zirekebishwe.