Jedwali la Mishahara na Mhasibu wa Bunda: Namna ya Kupima Kama Malipo Yako ni Haba, ya Haki au ya Juu

Maana ya pesentaili tunaijua sote, kwa hiyo nitaipitia kwa haraka. Mishahara ya kazi moja ikipangwa kuanzia mdogo hadi mkubwa, pesentaili ya 25 ni kiwango ambacho robo ya wanaolipwa wako chini yake, ya 50 ndiyo ya katikati, na ya 75 imewaacha robo tu juu yake. Kwa kawaida anayelipwa chini ya 25 huhesabiwa kuwa analipwa kidogo, aliye kati ya 25 na 75 kuwa yumo katika soko, na aliye juu ya hapo kuwa analipwa vizuri. Kima cha chini ni jambo jingine. Shilingi 500,000 zilizowekwa kwa watumishi wa serikali kuanzia Julai 2025 ni sakafu ya kisheria, na hazisemi lolote kuhusu bei ya kazi fulani sokoni.

Tatizo linalostahili muda wetu ni kwamba watu wanalinganisha vitu visivyolingana, kisha wanalitetea jedwali kana kwamba ni sheria. Tuchukue mfano wa kubuni. Mhasibu wa taasisi binafsi mjini Bunda ana mshahara wa msingi wa 780,000, posho ya nyumba 150,000 na ya usafiri 70,000. Jedwali linaonyesha 700,000 kwenye pesentaili ya 25, 950,000 kwenye ya 50 na 1,400,000 kwenye ya 75. Akitumia mshahara wa msingi, amepita 700,000 kwa 80,000 katika pengo la 250,000, karibu theluthi ya njia, kwa hiyo yuko kwenye pesentaili ya 33 hivi. Akitumia jumla yake ya 1,000,000, anafika kwenye ya 53. Mtu ni yuleyule na kazi ni ileile, lakini kwa hesabu ya kwanza yuko chini ya katikati na kwa ya pili yuko juu yake. Jibu sahihi limo kwenye maelezo ya utafiti, yale ambayo mara nyingi hukatwa ukurasa unaponakiliwa: je, takwimu zile ni za mshahara wa msingi au za malipo yote ya fedha kabla ya makato?

Kisha kuna cheo. Neno “mhasibu” linamhusu anayeandika vocha na kupeleka fedha benki, na vilevile anayefunga hesabu za mwaka, kujibu hoja za mkaguzi na kusimamia wasaidizi wawili. Kinacholinganishwa ni majukumu. Kama maelezo ya kazi yaliyo kwenye utafiti hayafanani na sehemu kubwa ya kazi unayoifanya kila wiki, safu hiyo si yako hata kama jina ni moja.

Gumu zaidi ni sampuli. Tuseme sehemu kubwa ya walioshiriki ni benki na kampuni za simu za Dar es Salaam. Mwajiri wa Musoma atasema jedwali hilo halimhusu, na mfanyakazi atasema taaluma ni moja nchi nzima. Kila upande una sehemu ya ukweli. Daktari bingwa au mhandisi wa madini hutafutwa kitaifa, hivyo soko lake ni la kitaifa. Karani wa stoo katika kiwanda cha kuchambua pamba Bunda huajiriwa kutoka hapahapa, na soko lake ni waajiri wa Musoma, Bunda, Butiama na pengine Mwanza. Mhasibu yuko katikati, na swali la kumpima ni hili: watatu wa mwisho walioacha nafasi hiyo walikwenda wapi? Lakini hoja ya kwamba “maisha ya Musoma ni nafuu” siikubali. Pesentaili hupima bei ya kazi, haipimi bei ya samaki sokoni.

Wapo wanaopendekeza tujikusanyie takwimu zetu za mkoa. Ni wazo jema, ila zikiwa za waajiri wanane tu, pesentaili ya 90 ni mwajiri mmoja aliyevaa jina la takwimu. Akiwa mgodi wa North Mara kule Tarime, ngazi za juu zitapanda sana huku ya 50 ikisogea kidogo. Kwa sampuli ndogo tuishie kwenye ya 50, na tuchukulie tofauti ya pointi chache kuwa si kitu.

Napendekeza, kwa heshima ya mamlaka zinazohusika, maofisa utumishi wasitoe jedwali bila ukurasa wa maelezo: mwezi wa kukusanya takwimu, idadi na aina ya waajiri, na kama posho zimo. Ulinganisho ufanywe kwa majukumu yaliyoandikwa, si kwa cheo. Mshahara wa msingi ulinganishwe na wa msingi, na jumla na jumla; narudia kwa sababu hapa ndipo majadiliano mengi yanapovunjika. Takwimu zilizopita mwaka zisitumike bila kutaja umri wake. Vyama vya wafanyakazi vidai maelezo hayo mapema, kwani Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akipe chama kinachotambuliwa taarifa zinazohusika na majadiliano. Waajiri wa Musoma, Bunda na Butiama wakubaliane maelezo ya pamoja ya kazi chache, kwa kuanzia mhasibu, muuguzi, dereva na karani wa stoo, kabla ya kukusanya hata tarakimu moja. Na mfanyakazi atakayekuta yuko chini ya 25 baada ya kurekebisha yote haya, apeleke hesabu yake kwa maandishi, ikionyesha safu aliyoitumia na sababu ya kuichagua.