Muundo wa Upembuzi Yakinifu wa Mradi Mdogo wa Kusukuma Maji kwa Nguvu ya Jua katika Shule za Vijijini: Hoja ya Mwezi wa Kupima Kisima, Kasulu na Kibondo



1. Utangulizi

Nimeombwa kuzungumzia katika semina hii jinsi ripoti ya upembuzi yakinifu inavyopaswa kupangwa pale shule ya kijiji inapotaka kisima kirefu, pampu ya kuzamisha, paneli za jua, tanki na vituo vichache vya kuchotea. Wengi wetu hapa tumeshaandika au kusoma ripoti za namna hiyo, kwa hiyo maana ya maneno nitaipitia kwa haraka. Muda mwingi nitautumia kwenye sura moja tu ya ripoti, ile ya chanzo cha maji, kwa kuwa huko ndiko miradi midogo ya ukanda huu inakoharibikia kabla hata bomba halijalazwa.

2. Maana na sura za ripoti

Upembuzi yakinifu hujibu swali moja: je, mradi huu, mahali hapa, kwa watu hawa, utatoa maji yaliyokusudiwa kwa gharama ambayo mwenye mradi ataimudu? Jibu linaweza kuwa ndiyo, hapana, au ndiyo kwa masharti. Ripoti isiyoweza kusema hapana bado haijawa upembuzi.

Sura zake zinajulikana: mahitaji ya maji, chanzo, ubora wa maji na vibali, kimo cha kusukuma, jua, vifaa, umiliki, uendeshaji na gharama, na mwisho uamuzi. Vibali viko chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009, na kwa eneo letu hupatikana Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, Kigoma. Usimamizi wa huduma vijijini uko chini ya RUWASA na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya 2019. Haya hayana mgogoro.

Jambo moja la eneo letu linahitaji sentensi chache. Operesheni Kigoma ya 1972 ilikusanya watu katika vijiji vilivyopangwa, na shule nyingi zikajengwa juu, karibu na barabara, wakati chemchemi zilibaki mabondeni. Kwa hiyo shule zetu nyingi huvuta maji kwenda juu. Kimo hicho ndicho kinachoamua ukubwa wa mtambo wa jua, nacho hakijulikani mpaka tujue maji yatashuka hadi wapi ndani ya kisima wakati pampu inafanya kazi.

3. Tatizo: kisima hupimwa mwezi usiofaa

Ndugu Mwenyekiti, sisemi haya kumlaumu mtu wala ofisi yoyote. Nasema kwa sababu utaratibu wenyewe unatusukuma kwenye kosa lile lile kila mwaka.

Mwaka wa fedha wa Serikali unaisha tarehe 30 Juni. Fedha za upembuzi huwa lazima zitumike kabla ya siku hiyo, hivyo timu hufika kijijini kati ya Aprili na Juni. Mvua za huku huanza Oktoba au Novemba na kumalizika kuelekea Mei. Maana yake kisima hupimwa pale maji ya ardhini yanapokuwa juu kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Takwimu iliyopatikana Mei huandikwa kwenye ripoti kana kwamba ni ya mwaka mzima.

Wakati mwingine hata kipimo cha Mei hakipo. Namba inayochukuliwa ni ile ya mchimbaji, aliyokadiria kwa kupuliza kisima kwa kompresa siku alipomaliza kuchimba. Kupuliza husafisha kisima na huonyesha kuwa maji yapo, lakini hakuonyeshi maji yatashukaje baada ya saa nane za kupampu, wala yatachukua muda gani kurudi.

Kwa pampu ya mkono kosa hili huvumilika, kwa kuwa inatoa takriban lita 1,000 kwa saa au pungufu, na kisima kikichoka mchotaji hupumzika. Pampu ya jua ni tofauti. Inategemea jua, na jua letu lina tabia ambayo ndiyo kiini cha mada hii. Wakati wa masika mawingu hupunguza nguvu ya paneli, ila kisima kimejaa na mapaa ya shule yanaweza kukingwa maji. Agosti na Septemba mvua hakuna na mawingu ni machache, paneli zinasukuma kwa nguvu siku nzima, na kisima kiko chini kabisa. Mwezi ambao pampu ina nguvu nyingi ndio mwezi ambao kisima ni dhaifu, na shule iko wazi na wanafunzi wote wapo.

Matokeo yake yanafahamika. Saa nne au saa tano asubuhi maji hushuka hadi kwenye kihisi, kontrola huzima pampu, kisima hujaa kidogo, pampu huwaka tena, na hivyo hivyo hadi jioni. Kihisi kikiharibika au kikiondolewa na fundi anayetaka “pampu isizimezime”, pampu hukauka na kuungua. Ripoti ya uharibifu huandika kuwa pampu ilikuwa mbovu. Pampu mpya ikifungwa bila kupima kisima, nayo itakwenda njia ile ile.

4. Mfano wa hesabu

Nimetengeneza mfano wa shule ya kutwa iliyo kwenye mteremko. Ina wanafunzi 700 na nyumba nne za walimu. Tukimpa mwanafunzi lita 10 kwa siku za kunywa, kunawa, uji na vyoo, tunapata lita 7,000. Nyumba za walimu na upotevu tuziwekee lita 1,000. Mahitaji ni lita 8,000, yaani mita za ujazo 8 kwa siku.

Kisima kina urefu wa mita 70, na pampu inakaa mita 60. Kutoka mdomo wa kisima hadi juu ya tanki ni mita 28, na msuguano wa bomba tuuhesabu kama mita 4. Mei, maji yakipampuliwa kwa mita za ujazo 1.8 kwa saa, yanatulia kwenye kina cha mita 27. Kimo chote ni 27 + 28 + 4, sawa na mita 59. Nishati ya kuinua maji ni:

Nishati (kWh kwa siku) = 0.002725 × mita za ujazo × mita za kimo

Kwa Mei ni takriban 1.29. Tukichukua ufanisi wa pampu na mota kuwa asilimia 45, tunahitaji karibu 2.9 za umeme. Kwa saa 4.5 za jua kamili katika mwezi wa mawingu na upotevu wa robo, paneli za wati 850 hivi zinatosha. Ripoti inafungwa kwa neno “ndiyo”.

Sasa tupime kisima hicho hicho mwishoni mwa Septemba. Kwa mita za ujazo 1.8 kwa saa, maji yanafika kwenye pampu baada ya saa tatu. Kwa 1.1 yanatulia mita 44 na asubuhi yanarudi yalipoanzia. Hiyo 1.1 ndiyo uwezo wake halisi. Kimo kinakuwa mita 76, na pampu inahitaji takriban wati 500 za umeme.

Hapa wengi hudhani jibu ni kuachana na kisima. Hesabu inasema vingine. Chagua pampu ndogo isiyozidi 1.1 kwa saa, kisha ongeza paneli hadi wati 1,200. Baada ya upotevu, paneli hizo hufikisha wati 500 jua likiwa na zaidi kidogo ya nusu ya nguvu yake. Huku magharibi jua hufika utosini karibu saa saba mchana, hivyo pampu itakwenda kwa kasi moja kuanzia saa tatu na nusu asubuhi hadi saa kumi na nusu jioni. Saa saba kwa 1.1 ni mita za ujazo 7.7, na maji machache ya asubuhi na jioni yanajazia mpaka 8. Kisima kinapumzika usiku mzima. Vifaa ni karibu vile vile. Kilichobadilika ni kwamba tumekipima wakati wa shida na tukaifuata hali yake.

Hesabu hii ina mpaka wake. Kitongoji cha watu 300 kikianza kuchota hapo, kwa kiwango cha lita 25 kwa mtu kilichowekwa na Sera ya Maji ya 2002, mahitaji yanaongezeka kwa mita za ujazo 7.5. Kisima hiki hakiwezi, hata tukiweka paneli mara tatu. Ripoti lazima iseme hivyo mapema, maana Septemba hakuna kamati ya shule itakayowazuia akina mama wenye madumu getini.

5. Mapendekezo

1. Sura ya chanzo cha maji iandikwe na kuidhinishwa kwanza. Sura za jua na vifaa zisianze kabla yake.

2. Jaribio la kupampu lifanyike kati ya Septemba na mvua za kwanza. Fedha zikitoka mwisho wa mwaka wa fedha, mkataba ugawanywe: vipimo vya ardhi na mahitaji kabla ya Juni, jaribio kuanzia Septemba.

3. Jaribio lifuate mwendo wa jua: kupampu saa saba hadi nane, kupumzika usiku, kurudia siku tatu mfululizo. Kina cha asubuhi kikishuka kila siku, kasi hiyo ni kubwa mno. Pale fedha zinaporuhusu, iongezwe saa 24 za kupampu mfululizo.

4. Kadirio la kompresa lisitumike kama uwezo wa kisima katika ripoti yoyote.

5. Kimo kihesabiwe kwa kina cha maji wakati wa kupampu Septemba, wala siyo kina cha maji yaliyotulia.

6. Hesabu ziwe mbili: moja ya mwezi wa mawingu, nyingine ya mwezi wa kisima dhaifu. Mtambo uvumilie zote mbili.

7. Kisima kikiwa dhaifu, pampu ipunguzwe na paneli ziongezwe. Kihisi cha kuzuia kukauka kiwe sharti la mkataba.

8. Pale ambapo kupima Septemba hakuwezekani kabisa, timu iwahoji wachotaji wa visima vya jirani: pampu ya mkono hupigwa mara ngapi kabla maji hayajatoka, foleni huanza saa ngapi, maji hubadilika rangi lini. Majibu hayo yaandikwe kama tahadhari, na uamuzi uwe ndiyo kwa masharti.

9. Idadi ya watumiaji wa nje ya shule itamkwe, na chombo cha watoa huduma ya maji kikubali kwa maandishi nani atachota na nani atalipia pampu na kontrola zikichoka.

10. Bomba dogo la kupimia kina liachwe kisimani wakati wa kufunga pampu. Mwalimu mmoja na mjumbe mmoja wa kamati waandike kina kila mwezi, asubuhi kabla pampu haijawaka.

11. Paneli zioshwe mara kwa mara Julai hadi Septemba, kipindi cha vumbi na moshi wa kuchoma mashamba.

12. Narudia pendekezo la pili kwa kuwa mengine yote yanalitegemea: kisima kipimwe Septemba.

6. Hitimisho

Naomba semina hii itoke na azimio moja litakalopelekwa kwa mameneja wa RUWASA wa wilaya na kwa wakurugenzi wa halmashauri: kuanzia mwaka huu wa fedha, ripoti ya mradi wa jua wa shule isipokelewe bila tarehe ya jaribio la kupampu kwenye ukurasa wake wa kwanza. Tarehe hiyo ikiwa ya Mei, ripoti irudishwe.