Eneo Hasi: Kutafuta Kitovu cha Bamba Lenye Tundu



Mkononi nina kipande cha boksi cha mstatili, urefu sentimita 40 na upana 20. Nikikiegemeza katikati kabisa juu ya ncha ya kidole, kinatulia. Sasa natoa cha pili, cha vipimo hivyohivyo, ila hiki nimekikata tundu la duara lenye kipenyo cha sentimita 12. Katikati ya tundu ni sentimita 30 kutoka ukingo wa kushoto, na nusu ya upana. Nakiegemeza palepale, nacho kinainama kushoto na kuanguka. Kitovu kimehama. Kimehamia wapi?

Ukijaribu kukigawa kilichobaki katika vipande, utakwama kwenye kingo zilizopinda kuzunguka tundu. Ni rahisi zaidi kulirudisha lile duara mahali pake, kwa mawazo tu. Momenti ya umbo ni eneo lake mara umbali wa kitovu chake kutoka mhimili, na momenti za vipande hujumlishika. Kwa hiyo momenti ya boksi zima ni ya kilichobaki kujumlisha ya duara. Tukitaka ya kilichobaki, tunalivusha duara ng'ambo ya alama ya sawasawa, nalo likivuka linageuka la kutoa. Hapo ndipo hasi inapozaliwa. Eneo lililo chini ya sifuri halipo duniani. Hii ni hesabu ya deni, kama mwenye duka anavyoandika daftarini kilichokwisha kutoka.

Arkimede wa Sirakusa alilithibitisha jambo hili katika karne ya 3 KK, katika kitabu chake kuhusu mizani ya maumbo bapa, bila kutumia alama ya hasi. Alionyesha kwamba ukikitoa kipande, kitovu cha kinachobaki hulala kwenye mstari unaopita katika vitovu vya umbo zima na kipande hicho, upande ulio mbali na kilichotolewa.

Tufanye hesabu tukipima kutoka ukingo wa kushoto. Boksi zima lina sentimita za mraba 800, na kitovu chake kiko sentimita 20. Tundu lina nusu kipenyo cha 6, hivyo eneo lake ni 113.1, nalo tunaliandika kwa hasi. Kitovu chake kiko 30.

x = (800 × 20 − 113.1 × 30) ÷ (800 − 113.1)
x = 12,607 ÷ 686.9 = 18.35

Kitovu kimesogea kushoto kwa sentimita 1.65. Kwa upande wa upana hakikusogea, maana tundu limekaa sawasawa juu ya mstari wa kati.

Makosa ninayokutana nayo kila mwaka ni mawili. La kwanza, mwanafunzi hutoa juu lakini husahau kutoa chini: anagawanya 12,607 kwa 800 na kupata 15.76. Tundu limeondoa momenti, na limeondoa eneo pia. La pili ni kuipachika hasi kwenye umbali. Hasi ya tundu ni ya eneo. Umbali una alama yake yenyewe. Tukianza kupima katikati ya boksi, momenti ya boksi zima ni sifuri na tundu liko kwenye +10, basi jibu ni −1.65, nukta ileile. Tundu lingekuwa kushoto, kwenye −10, hasi mbili zingekutana na jibu lingekuwa +1.65. Kwa hiyo kabla ya kuamini jibu, jiulize swali moja: je, kitovu kimelikimbia tundu? Kikiwa kimelikaribia, kuna alama iliyopotea.

Njia hii inadai unene na malighafi viwe sawa kila mahali, kwa sababu tumeliacha eneo lisimame badala ya uzito. Bamba la chuma likichimbwa shimo linaloishia nusu ya unene, kitovu cha uzito hakihami kiasi hiki: likitazamwa kutoka juu, utatoa nusu tu ya eneo la duara. Na tundu likizibwa kwa shaba, utatoa uzito wa chuma kilichotoka, kisha utajumlisha wa shaba iliyoingia.

Sasa tulihukumu jibu letu. Natoboa kwa pini karibu na kona moja, naliacha boksi lining'inie huru, nashusha timazi kutoka kwenye pini, na kuchora mstari inapopita kamba. Narudia kwenye kona nyingine. Mistari hukatana kwenye kitovu. Rula inasoma sentimita 18 na milimita tatu au nne kutoka kushoto, na nikiweka kidole hapo, boksi linatulia.