Vidonge vya Kufukizia Mahindi: Jibu kwa Swali la Mkazi
(Maelezo yaliyotolewa katika mkutano wa wakazi wa kata)



Katika mkutano uliopita mkazi mmoja aliuliza: kidonge cha kufukizia mahindi hutoa sumu kwa muda gani, nayo hufika wapi? Hakueleza sababu, wala hakulazimishwa kuieleza. Swali hilo lastahili jibu, kwa kuwa jibu lake huokoa maisha.

Vidonge hivyo hutengenezwa kwa fosfidi ya alumini. Kikikutana na unyevu wa hewa, kidonge hutoa hewa iitwayo fosfini, inayoua fukusi na dumuzi. Hewa hiyo huendelea kutoka kwa siku kadhaa, nayo hupenya viroba, nyufa za kuta na dari. Humdhuru mwanadamu kama inavyomdhuru mdudu.

Chukua mfano wa familia iliyoweka magunia kumi sebuleni na kutia vidonge ndani yake. Kwa kuwa viroba huvuja, hewa hupungua haraka na mayai ya wadudu husalimika; baada ya wiki chache fukusi hurejea. Lakini ile iliyovuja imekwisha kuingia chumba walalamo watoto. Hivyo familia imepata hatari, na mahindi hayakupona.

Kwa sababu hiyo ufukizaji hufanywa na mtu aliyefunzwa, katika ghala lisilolala mtu wala mfugo, chini ya turubai lililozibwa pande zote. Vidonge visimwagiwe maji kamwe, kwani hewa hutoka kwa wingi na huweza kuwaka moto. Harufu kama ya vitunguu saumu au samaki aliyeoza ni onyo, ila kukosekana kwa harufu si usalama.

Mtu akiumwa kichwa, akitapika au kubanwa kifua karibu na mahindi yaliyofukizwa, wote watoke nje mara moja na mgonjwa apelekwe kituo cha afya pamoja na kibandiko cha dawa. Sumu hii haina dawa ya kuitangua. Wauguzi humsaidia mgonjwa kupumua na kuutunza moyo wake, hivyo kila dakika ina thamani.

Kwa akiba ya nyumbani iko njia isiyo na sumu: mfuko usiopitisha hewa, wenye matabaka matatu. Kwanza mahindi yakauke. Tia punje na chumvi kavu katika chupa kavu, uitikise. Chumvi ikiganda kwenye kioo, anika tena. Kisha jaza mfuko, kamua hewa, na funga kila tabaka peke yake. Wadudu huimaliza hewa iliyobaki na kufa.

Mwenye vidonge nyumbani asivitupe shimoni wala kumpa jirani. Amwone afisa ugani. Na yeyote ambaye swali lake lina uzito mwingine moyoni, mhudumu wa afya wa kata atampokea faraghani bila kumhukumu.