Uzembe Majini: Mnyororo wa Sababu na Orodha ya Abiria

Mada kwa semina ya mawakili na maofisa wa usalama wa vyombo vya majini, Mwanza

1. Nguzo za uzembe

Waheshimiwa, nguzo nne mnazifahamu: wajibu wa uangalifu, ukiukaji wake, dhara lililosababishwa na ukiukaji huo, na dhara hilo kutokuwa mbali mno kiasi cha kutotarajiwa. Kwamba mwenye meli ana wajibu kwa abiria wake, hakuna abishaye. Na kupakia kupita idadi iliyoruhusiwa ni ukiukaji ulio dhahiri.

2. Sababu

Taabu yetu imo katika nguzo ya tatu. MV Bukoba, iliyoruhusiwa abiria 430, ilipinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ikabaki ikielea kifudifudi kwa hewa iliyonaswa tumboni mwake, ilhali ndani mlikuwa na watu wangali hai. Waokoaji wakatoboa bati. Hewa ikatoka, maji yakapanda, meli ikazama.

Tujaalie, kwa ajili ya mjadala tu na bila kumhukumu mtu, kwamba kupinduka kulitokana na uzembe. Mdaiwa atadai kuwa tundu lile limekata mnyororo. Hasha, maadamu hatari ni yake, jitihada za kuokoa ni matokeo yanayotarajiwa, na kosa la mwokoaji aliyeharakishwa na msiba halimwondolei dhima, illa liwe la kipuuzi kupindukia. Walakini familia ikimshitaki mwokoaji, hapo italazimika kuthibitisha kwamba marehemu angepona lau bati lisingetobolewa, jambo lililo zito mno kwa mjane.

Kuhusu umbali wa dhara, kufa maji na kupotea kwa riziki ya watoto vyatarajiwa. Faida aliyoikosa mnunuzi wa dagaa aliyekuwa akingoja mzigo Mwaloni, aghalabu iko mbali.

3. Kizingiti cha kwanza

Lakini yote hayo ni bure ikiwa mdai hawezi kuonyesha kwamba marehemu alipanda. Iliarifiwa kwamba abiria wa daraja la tatu wa MV Bukoba hawakuwa na orodha. Na MV Nyerere, kivuko cha abiria 101, kilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 220, mkata tiketi alizama pamoja na mashine yake. Yaani ushahidi ulipakiwa katika chombo kile kile kilichotarajiwa kuushuhudia. Tumelisema hili mara nyingi, kwa adabu.

4. Mapendekezo

(a) Majina ya abiria wa madaraja yote yaandikwe kabla ya kung'oa nanga.
(b) Nakala ya orodha ibaki gatini.
(c) Chombo kisiondoke bila nakala hiyo kubaki nchi kavu.
(d) Idadi ilinganishwe na kibali, na ofisa atie sahihi.
(e) Pasipo orodha, mzigo wa kuthibitisha umwelemee mwenye chombo, si familia.
(f) Waokoaji wasitoboe chombo kinachoelea kwa hewa kabla ya kuwasikiliza mafundi na wazamiaji.
(g) Nakala pekee ya orodha, narudia, isisafiri pamoja na abiria.