Barua ya Kukataa Kazi na Simu Inayoitangulia



Mhitimu anayesubiri kuitwa na Sekretarieti ya Ajira hakai bure. Wakati anasubiri usaili wa mchujo, kisha wa mahojiano, anapeleka maombi kwenye hospitali za misheni, shule binafsi na kampuni. Akifaulu usaili wa serikali nafasi zikawa zimejaa, jina lake linabaki kwenye kanzidata na linaweza kuitwa baadaye, wakati mwajiri mwingine ameshamwandikia barua. Hapo lazima mmoja aambiwe hapana.

Tuchukue mfano. Mteknolojia wa maabara, binti wa Kongwa, amepata barua ya ajira Ijumaa kutoka hospitali ya misheni wilayani Mpwapwa. Anatakiwa kujibu kufikia Jumatano. Jumatatu usiku anafungua akaunti yake ya Ajira Portal na kukuta amepangiwa kituo Manyoni. Familia imekaa, imeamua: aende Manyoni.

Wengi wakifika hapa hunyamaza. Hawana dharau, ila wanaona haya kumkatalia mtu mzima aliyewatendea wema. Simu ya Mpwapwa inaita, haipokelewi. Jumatano inapita. Katibu wa hospitali hajui atangaze upya au aendelee kusubiri, na aliyeshika nafasi ya pili kwenye usaili huenda ameshapata kazi kwingine. Kukataa kwenyewe kunasameheka upesi. Siku hizo za kusubiri bure ndizo zitakazokumbukwa jina la binti huyu litakapotajwa tena.

Kwa hiyo Jumanne asubuhi apige simu mbili. Ya kwanza, naisisitiza kwa sababu husahauliwa, ni kwa mchungaji aliyemtambulisha pale hospitalini. Mchungaji huyo aliweka jina lake rehani. Akisikia habari kutoka kwa katibu ataaibika, na safari ijayo hatamsemea mtu. Akiisikia kwa binti mwenyewe, anaweza hata kumsaidia kueleza.

Simu ya pili ni kwa katibu. Baada ya shikamoo na kujuliana hali, asizunguke: “Mzee, nimepokea barua yenu ya Ijumaa na nashukuru sana. Jana usiku nimepangiwa kituo serikalini, na nimeamua kwenda huko. Sitaweza kujiunga nanyi. Nimeona nikwambie mapema ili mpate nafasi ya kumwita mwingine.” Kisha asikilize. Katibu akiuliza kama wakiongeza mshahara atabaki, ajibu kweli. Kama mshahara ungebadilisha uamuzi, ilipasa kuuzungumzia kabla ya simu hii, kwani anayekataa halafu akarudi kwa nyongeza huonekana alikuwa anapandisha bei.

Sababu iwe moja, na iwe ya kweli. Jiji la Dodoma lina ofisi nyingi lakini watu wake wanajuana. Watumishi hukutana kanisani, msikitini na misibani. Anayesingizia mama mgonjwa ataulizwa habari za mama. Kama sababu halisi ni kasoro aliyoiona hospitalini, haina haja ya kuandikwa. Inatosha kusema amechagua kazi nyingine.

Barua ifuate siku hiyo hiyo, aya mbili tu. Itaje cheo na tarehe ya barua aliyopewa, ishukuru, kisha iseme wazi: “Naomba kuwajulisha kuwa sitaweza kuipokea nafasi hii.” Maneno kama “kwa sasa” au “nitawajulisha zaidi” yasiwemo, maana yanamfanya mwajiri aendelee kumtunzia kiti. Akitaka kupendekeza mwenzake, amuulize kwanza mwenzake huyo.

Hali hubadilika akiwa ameshasaini mkataba na kuanza kazi. Hapo anaacha kazi, na kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinahusika: notisi ya maandishi isiyopungua siku 7 ikitolewa ndani ya mwezi wa kwanza, baada ya hapo, kwa anayelipwa kwa mwezi, siku 28. Asome pia mkataba wake, huenda umeweka muda mrefu zaidi. Barua ya serikali nayo ina siku zake za kuripoti, kwa hiyo azihesabu zote mbili pamoja kabla ya kuahidi chochote. Siku zikigongana, azungumze na katibu kuhusu kufupisha muda au kulipa badala ya notisi, na makubaliano yaandikwe. Akiondoka alfajiri bila kuaga, hata kama hakuna atakayemshtaki, hospitali hiyo haiwezi tena kuwa mdhamini kwenye wasifu wake.

Akishazoea Manyoni, amtumie katibu ujumbe mfupi: amefika salama, anafanya kazi maabara, na anauliza kama walimpata mtu. Asiombe chochote katika ujumbe huo. Hospitali ikitangaza nafasi ya msimamizi wa maabara miaka kadhaa baadaye, aombe kama waombaji wengine, na kwenye barua ya maombi ataje mwenyewe kuwa aliwahi kupewa nafasi pale na sababu ya kutoichukua.